Maswali na majibu: Nafuu ya wategemezi inapunguza nini hasa?

Nimeandikisha watoto wawili na mama yangu, jumla ya nafuu ni 3,500 kwa mwaka. Mbona sikuona 3,500 mfukoni?

Kwa sababu nafuu hiyo hutolewa kwenye mapato yako kabla kodi haijapigwa. Haigusi kodi yenyewe.

Chukua hesabu yako. Tuseme mshahara wa mwaka ni 12,000, na mchango wa pensheni uliosamehewa kodi ni 600. Yanabaki mapato ya 11,400. Tuseme tena kwamba 3,000 za kwanza hazitozwi, 5,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 10, na zinazobaki asilimia 20. Bila wategemezi, kodi yako ni 500 kwenye ngazi ya kati na 680 kwenye ngazi ya juu, jumla 1,180. Sasa toa 3,500 za wategemezi. Mapato yanayotozwa yanashuka hadi 7,900, ngazi ya asilimia 20 huigusi tena, na kodi inakuwa 490.

Umeokoa 690. Nafuu humega mapato kuanzia juu: 3,400 zilitoka kwenye ngazi ya asilimia 20 zikakupa 680, na 100 zilizobaki zikaangukia ngazi ya asilimia 10 zikakupa 10 tu.

Kuna nchi zinazokata kwenye kodi moja kwa moja. Marekani, tangu 2018, kiasi cha mtegemezi kilichokuwa kikitolewa kwenye mapato kimeshushwa hadi sifuri, na badala yake mtoto anayestahili hupunguza kodi yenyewe. Kwa hiyo soma fomu yako uone kama kiasi kinaandikwa juu ya mstari wa mapato yanayotozwa au chini ya mstari wa kodi. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Mimi na mume wangu sote tumeajiriwa. Nani awaandikishe watoto?

Sheria ikiwaachia mchague, dada yangu, kwa kawaida aandikishe yule ambaye mapato yake yanafika ngazi ya juu zaidi. Kwa viwango vile vile vya hapo juu, nafuu ya 2,000 humwokolea 400 mwenye mapato yaliyopita ngazi ya asilimia 20 kwa kiasi hicho au zaidi, na 200 tu aliye kwenye asilimia 10. Ambaye mshahara wake haufiki kiwango cha kutozwa hapati chochote, na mara nyingi nafuu isiyotumika haihamii mwaka unaofuata.

Lakini msiandikishe mtoto yule yule nyote wawili. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi, na huwa halina hila: kila mmoja anajaza fomu kazini kwake bila kumwambia mwenzake. Ofisi ya kodi ikikutanisha namba ya mtoto kwenye mafaili mawili, mmoja wenu atadaiwa kodi ya nyuma, pengine na faini juu yake.

Tuko ndugu wanne, tunamtunza baba kwa kuchanga. Tunadai vipi?

Angalieni kwanza kama sheria yenu inaruhusu kugawana. Nyingine zinaruhusu, nyingine zinataka mmoja tu. Marekani, ndugu wakichangia pamoja zaidi ya nusu ya matunzo, na hakuna aliyebeba nusu hiyo peke yake, mmoja aliyetoa zaidi ya asilimia 10 anaweza kumdai mzazi, akitimiza masharti mengine. Wengine waliopita asilimia 10 hutia saini kwamba mwaka huo hawamdai. Mwaka unaofuata wanaweza kubadilishana zamu.

Jambo linalowaumiza wengi ni ushahidi. Pesa uliyompa baba mkononi haina alama. Tuma kwa njia inayoacha rekodi, na weka risiti za dawa na kodi ya nyumba zikiwa na jina la aliyelipa. Msingoje kuulizwa ndipo mzitafute.

Mama anapata pensheni ndogo. Bado ni mtegemezi?

Inategemea kikomo. Sheria nyingi huweka kiasi ambacho mtegemezi akikipita kwa mapato yake mwenyewe, nafuu yote inaondoka. Haipungui kidogo kidogo. Ndiyo maana nyongeza ndogo ya pensheni inaweza kukugharimu zaidi ya ilivyompa mama. Uliza pia kama pensheni inahesabiwa nzima au sehemu tu, kwani si zote hutozwa kodi.

Mtoto wetu amezaliwa mwishoni mwa mwaka. Tumechelewa?

Huenda hamjachelewa hata kidogo. Marekani, mtoto aliyezaliwa Desemba 31 huhesabiwa kwa mwaka mzima. Kwingine nafuu huhesabiwa kwa miezi. Peleka cheti cha kuzaliwa kwa mhasibu wa mishahara mara moja, maana yeye hukata kodi kwa taarifa alizo nazo. Kilichokatwa zaidi kabla hajapata taarifa hudaiwa kwenye ritani ya mwaka, na kuna muda wa mwisho wa kukidai.