Kupima nishati ya nyutroni kwa muda wa safari: anza na sifuri ya saa

Hapa Tanga nafundisha tuisheni ya fizikia jioni, Ngamiani, na vijana walio chuo wakirudi likizo huwa wanapitia na maswali yao. Swali linalojirudia sana ni hili la nishati ya nyutroni kwa muda wa safari, na karibu kila mara fomula wanaijua vizuri tu, kinachowakwamisha ni saa. Kwa hiyo leo nakaa hapo hapo.

Kwanza kwa nini tuhangaike na saa. Nyutroni haina chaji, ikiingia kwenye ditekta haionekani mpaka igonge kitu, tuseme protoni ya haidrojeni, na hiyo protoni inaweza kupewa nishati kidogo sana au karibu yote, inategemea imegongwaje. Ndo maana ukubwa wa pulsi ya umeme inayotoka kwenye ditekta peke yake haukwambii nyutroni ilikuja na nishati gani. Ila ukijua ilitoka saa ngapi, ikafika saa ngapi, na njia ni mita ngapi, umepata spidi, na spidi inakupa nishati.

Mpwa wangu alikuja na zoezi la namna hii. Kutoka taageti, pale nyutroni zinapotokea, mpaka katikati ya ditekta ni mita 12. Kwenye histogramu ya muda kuna piki moja nyembamba kwenye 95 ns, na nyingine kwenye 655 ns. Akaniambia, mjomba si nagawanya tu 12 kwa 655? Nikamwambia subiri kwanza, hiyo 655 imehesabiwa kuanzia wapi?

Saa ya kielektroniki haianzi pale pulsi ya chembe kutoka kwenye mashine inapogonga taageti. Kuna kebo ndefu, kuna vifaa vinavyochelewesha signali, kwa hiyo sifuri inayoonekana kwenye skrini siyo sifuri ya kweli. Dawa yake ni gama. Pulsi ikigonga taageti, gama zinatoka pamoja na nyutroni, na gama zote zinakwenda kwa spidi ya mwanga, kwa hiyo piki ya kwanza kabisa, ile nyembamba, ni yao. Ni kama mbio za shule, mshika saa aliye mwisho wa uwanja anaangalia moshi wa bastola, hasubiri mlio. Ila hapa hata huo "moshi" unatumia muda wake: mwanga unakwenda mita 12 kwa karibu 40 ns, na hiyo lazima uirudishe.

Kwa hiyo muda wa kweli wa nyutroni ni:

```
t = (655 - 95) + 40 = 600 ns
v = 12 m / 600e-9 s = 2.0e7 m/s
E = 0.5 * 1.675e-27 * (2.0e7)^2 = 3.35e-13 J
E = 3.35e-13 / 1.602e-13 = 2.09 MeV
```

Sasa ona hasara ya kuruka hatua. Ukitumia 655 moja kwa moja unapata 1.75 MeV. Ukitoa 95 halafu ukasahau kurudisha 40 unapata 2.40 MeV. Nyutroni ni ile ile, majibu matatu, na hakuna hata moja litakalokushtua ukiliangalia kwa macho, ndo ubaya wake.

Kuhusu fomula ya Einstein ya spidi kubwa, hapa spidi ni kama asilimia 6.7 ya spidi ya mwanga, ukifanya hesabu kamili unapata 2.10, tofauti ni theluthi ya asilimia moja. Saa ikiwa na mashaka ya 3 ns na njia ikiwa na mashaka ya sentimita 3 (ditekta ina unene, hujui nyutroni imegonga wapi ndani yake), mashaka ya nishati yanafika kama asilimia 1.1, maana spidi iko kwenye kipeo cha pili kwa hiyo kosa linajizidisha mara mbili. Basi fomula ya kawaida inatosha kabisa. Ukipanda mpaka makumi ya MeV usiitumie.

Kitu cha mwisho ambacho wengi hawakiangalii ni nyutroni za polepole. Tuseme pulsi zinakuja kila 1000 ns. Nyutroni ya 0.29 MeV inahitaji kama 1600 ns kufika, kwa hiyo inafika wakati pulsi inayofuata imeshapita, saa imeshaanza upya, ukishasahihisha sifuri inasomeka 600 ns na inakaa juu ya piki yako ya 2.09 kama vile ni yake. Kwa njia hii ya mita 12 chochote chini ya kama 0.75 MeV kitakufanyia hivyo. Kujua ni rahisi ukiwa na ruhusa ya kugusa mashine, ongeza nafasi kati ya pulsi iwe 1200 ns halafu angalia tena: nyutroni za kweli zitabaki kwenye 600, zile za pulsi ya nyuma zitahamia 400.