Topan wawili: ubini au jina la ukoo?

*Mwalimu, ninaandika historia fupi ya wafanyabiashara wa zamani wa Zanzibar. Nimekuta Shivji Topan aliyekuwa Banyani na Tharia Topan aliyekuwa Khoja. Nimekuta pia Jivanjee wa Unguja na Jeevanjee wa Nairobi. Je, ni sahihi kuandika "ukoo wa Topan" na "ukoo wa Jivanjee"? Na hizi -ji, -wala na -ani za mwishoni zinatuambia nini?*

"Ukoo wa Topan" usiuandike, kwa sababu haukuwepo. Topan hapo ni jina la baba, na hao ni baba wawili tofauti. Kiswahili kina neno linalokaa sawasawa mahali hapa, nalo ni ubini. Shivji Topan ni Shivji bin Topan; Tharia Topan ni Tharia bin Topan. Katika majina ya Kihindi hiyo "bin" haitamkwi wala haiandikwi, ndiyo maana msomaji wa leo, aliyezoea fomu zenye kisanduku cha "jina la ukoo", huliona neno la mwisho akadhani ni ukoo.

Tuifuate familia ya Shivji kizazi kwa kizazi, maana ndipo jambo hili linapoonekana wazi. Shivji alikuwa Bhatia, tabaka la wafanyabiashara wa Kihindu, na asili ya nyumba yao ni Mundra katika Kachchi, magharibi mwa India. Nyumba hiyo ndiyo iliyokodi forodha ya Zanzibar zama za Seyyid Said, yaani ilimlipa Sultani kisha ikakusanya ushuru yenyewe. Mwanawe aliitwa Jairam. Kama Topan lingekuwa jina la ukoo, tungetarajia Jairam Topan. Lakini nyaraka zinamwita Jairam Shivji, na nduguye ni Ebji Shivji. Topan limeondoka na Shivji limeshika nafasi yake, kwa sababu Shivji ndiye baba. Ubini huu ulidumu kizazi kimoja tu, kisha ukampisha mwingine. Kwa hiyo mtafiti anayetafuta "Topan" katika daftari za forodha za miaka ya 1840 atawakosa watoto wa Shivji Topan wote, ilhali wamo humo humo. Angalia pia kwamba Waingereza waliandika Sewji badala ya Shivji, na mtu ni yule yule.

Kuna tatizo la pili katika kisa hiki, nalo huwapoteza hata waandishi wazoefu. Jina "Jairam Shivji" lilikuwa pia jina la nyumba ya biashara. Kwa muda mrefu shughuli zake Zanzibar ziliendeshwa na Ladha Damji, na yeye alikuwa wakala, hakuwa mtoto wa Shivji. Damji ndiye baba yake. Ukisoma kwamba "Jairam alitoza ushuru" mwaka fulani, jiulize kwanza kama anayetajwa ni mtu au ni nyumba.

Tharia Topan naye hakuwa Bhatia. Alikuwa Khoja wa madhehebu ya Ismailia, mzaliwa wa Lakhpat, huko huko Kachchi. Aliikodi forodha mwaka 1876, na jumba lile la roshani za mbao zilizochongwa linaloikabili bahari ya Mji Mkongwe, ambalo baadaye lilitumika kama zahanati, lilianza kujengwa kwa fedha zake mwaka 1887. Watu hao wawili, Shivji na Tharia, walitoka eneo moja, wakafuata kazi ya aina moja katika mji mmoja, na baba zao wakawa na jina moja. Hata hivyo dini zao ni mbili na nasaba zao ni mbili.

Swali linalofuata ni vipi Mwislamu na Mhindu wakawa na baba wenye jina moja. Makhoja wengi, kwa mapokeo yao wenyewe, ni wazao wa Walohana, tabaka jingine la wafanyabiashara wa Kihindu, waliosilimu kwa mafundisho ya masheikh waliotoka Uajemi, na anayetajwa zaidi ni Pir Sadruddin. Dini ilibadilika lakini majina ya nyumbani yalibaki kwa karne nyingi. Ndiyo maana katika koo za Khoja utakuta Shivji, Lalji, Premji na Ramji, majina ambayo Mhindu pia anayo. Baadaye watoto walianza kupewa majina ya Hussein, Karim na Sultanali, na yale ya zamani yakarudi nyuma hadi nafasi ya ubini. Basi usimpangie mtu dini kwa jina lake la mwisho. Likitazamwa peke yake haliwezi kukwambia.

Hiyo -ji yenyewe ni heshima tu. Huambatishwa kwenye jina kama sisi tunavyotanguliza Mzee au Bwana, isipokuwa wao wanaiweka nyuma. Jivan akawa Jivanji, Karim akawa Karimji. Makarani wa Kiingereza wakaandika -jee, na wenye majina wengi wakaichukua tahajia hiyo, wakaitia kwenye mabango na mihuri yao. Ni hivyo hivyo kwa -bhai, yaani ndugu, ambayo mara nyingine imeandikwa -bhoy. Kwa kuwa heshima hii ilitolewa kwa kila mtu mzima, haiwezi kuwa alama ya ukoo.

Sasa tuje kwa Jivanjee wako wawili. Yule wa Unguja ni Jivanjee Buddhabhoy, Mwislamu wa jamii ya Bohora aliyetoka Mandvi, Kachchi. Mwanawe ni Karimjee Jivanjee. Mwana wa Karimjee ni Alibhai, wa Alibhai ni Yusufali, na wa Yusufali ni Abdulkarim, aliyekuwa Spika wa Bunge la Tanganyika nchi ilipopata uhuru mwaka 1961. Jina lake kamili tunaliona likiandikwa Abdulkarim Yusufali Alibhai Karimjee. Lisome kutoka kushoto kwenda kulia: yeye, baba, babu, baba wa babu. Huo ni ubini wa vizazi vitatu uliopangwa kwa mstari, sawa na Mswahili wa pwani anavyotaja jina lake, la baba na la babu. Kwa desturi ya zamani Karimjee lingedondoka, kama Topan lilivyodondoka. Halikudondoka kwa sababu lilikuwa limekwishakuwa jina la biashara inayojulikana kuanzia Unguja hadi bara. Mtoto aliyeacha jina hilo angeacha mlango wa kuingilia benki na forodhani. Kwa hiyo hapa ubini uliganda, ukageuka jina la ukoo kweli, na unaweza kuandika "ukoo wa Karimjee" bila wasiwasi. Kwa wazee wa awali, kabla jina halijaganda, andika "nyumba ya Jivanjee Buddhabhoy" au "wana wa Jivanjee".

Yule wa Nairobi, Alibhai Mulla Jeevanjee, alizaliwa Karachi mwaka 1856. Naye ni Bohora, na ndiye aliyeleta vibarua wengi wa reli ya Uganda. Ile bustani ya katikati ya Nairobi ina jina lake. Lakini Jeevanjee ni ubini wake kutoka kwa baba mwingine kabisa. Hata neno Mulla lililo katikati ni cheo cha kidini kwa Mabohora, cha mtu aliyepewa idhini ya kuongoza sala na shughuli za jamaa, ingawa mara nyingi kimegandana na jina kana kwamba ni sehemu yake. Andika tahajia ya kila mmoja kama alivyoitumia mwenyewe. Ukizisawazisha kuwa "Jivanji" kote, utakuwa umewaunganisha watu ambao nasaba haikuwaunganisha.

Kuhusu -wala, hii hutaja kazi, bidhaa au mji. Lokhandwala ni wa chuma, Motiwala ni wa lulu, Attarwala ni wa manukato. Utaikuta zaidi kwa Mabohora na Waparsi. Ile ya mji inahitaji uangalifu, maana mtu haitwi kwa mji wake akiwa bado yumo ndani yake. Mandviwala alipata jina hilo alipokuwa ugenini, ambako kusema "yule wa Mandvi" kulimtofautisha na wenziwe. Ndivyo ilivyo kwa Zanzibarwala pia, ambalo lina maana zaidi Bombay au Surat kuliko Forodhani. Kwa hiyo jina la mji linakwambia ama familia ilikotoka, ama ilikoishi na kufanya biashara kabla ya kuhamia kwingine. Lipi kati ya hayo mawili, utalijua kwa kuwauliza wenyewe au kwa kutazama hati ya mahali jina lilipoanza kutumika.

-ani ndiyo inayokaribia kabisa neno letu ukoo. Ina asili ya Kisindhi, na huambatishwa kwenye jina la babu mkuu: wazao wa Lakha ni Lakhani, wazao wa Vira ni Virani. Haibadiliki baba anapobadilika, na wanayo Walohana na Makhoja vilevile. Hapa "akina Lakhani" ni Kiswahili safi. Kumbuka tu kwamba Lakha walikuwa wengi, na kila mmoja aliweza kuacha Lakhani wake.

Hukuuliza juu ya Shah na Patel, lakini utakutana nao ukifika Mombasa na Nairobi, na ugumu wao ni wa upande mwingine. Hayo yanafunika koo badala ya kuzifunua. Patel lilikuwa cheo cha mkuu wa kijiji. Shah ni jina la heshima la wafanyabiashara, na hapa Kenya wengi wenye nalo ni Wajaini wa jamii ya Oshwal kutoka vijiji vya karibu na Jamnagar. Nyuma ya Shah kuna jina la ukoo halisi, kama Dodhia, Gudka, Haria au Malde, na kwa desturi yao ni hilo linalotazamwa watu wanapoposa. Kwa mtu wa jamii hiyo swali lenye manufaa ni "Shah wa ukoo gani, na wa kijiji gani?", naye atakujibu pale pale, kwa sababu ndivyo wanavyoulizana wenyewe.

Kwa kazi yako nakushauri ufanye faharasa kwa jina la kwanza kwa watu wote waliotajwa kabla ya karne ya 20, na ubini ufuate. Mweke Jairam Shivji kwenye J, Tharia Topan kwenye T kwa ajili ya Tharia, na Ladha Damji kwenye L. Kuanzia vizazi ambavyo jina lilikwisha kuganda, kama hao akina Karimjee, panga kwa jina la mwisho, na palipo na shaka weka ingizo mahali pote pawili.