Bango la kliniki: neno "presha" lilivyotupotosha

Bango la kwanza nililoshiriki kuliandaa lilikuwa na maneno 34. Tulikaa wauguzi watatu jioni moja, kila neno la kitaalamu tukalitafutia la mtaani na kuyaandika mkabala: shinikizo la damu ni presha, eklampsia ni kifafa cha mimba, tukaendelea hivyo hadi chini. Likabandikwa juu ya benchi la wajawazito, nasi tukaona kazi imekwisha.

Wiki chache baadaye nikampima mama wa mimba ya wiki 34, mashine ikasoma 150 kwa 100. Nikamwambia presha yake imepanda. Akacheka. "Hapana, nesi. Mwenye presha ni mama yangu. Mimi moyo wangu hauendi mbio hata kidogo." Alikuwa amekaa chini ya bango letu karibu saa nzima, na kusoma anajua.

Ninyi mnaoanza kazi hii, kosa letu lilikuwa hapo. Tulidhani watu wakilijua neno, basi wanajua tunachokisema sisi. Kwetu presha ni namba inayosomwa kwenye mashine. Mtaani presha ni kitu unachokisikia mwilini: moyo kudunda, kizunguzungu, hofu, hasira. Ndiyo maana mtu humwambia mwenzake "usinipe presha." Mama huyu alijikagua kwa maana anayoijua, akajikuta mzima. Na presha ya mimba inaweza kupanda sana bila mwenyewe kusikia lolote.

Siku hizi naanza na daftari. Kila neno nalipa safu nne: neno letu, neno lao, wanachokielewa wao, na sentensi itakayokwenda ukutani. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi, na haijazwi ofisini. Nakaa benchini na kuuliza. Ila usiulize "unajua maana ya kifafa cha mimba?" kwa kuwa utajibiwa "ndiyo" mchana kutwa, nani anataka kuonekana mjinga mbele ya nesi? Uliza hivi: mtu mwenye hiyo anakuwaje? Imemjiaje? Wewe ungemwambia nani kwanza?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifungua macho kuhusu kifafa cha mimba. Wengi walinieleza kifafa kile cha kuanguka, wanachokijua tangu utotoni. Mmoja akasema ni cha ukoo, kwao hakipo. Mwingine akasema angeanza kwa shehe. Hakuna aliyekihusisha na kipimo cha presha wala na mkojo tunaowaomba waulete kwenye kikopo. Isitoshe, jina lenyewe linataja hatua ya mwisho, mama akiwa tayari anatetemeka na kupoteza fahamu. Bango linatakiwa limkute siku kadhaa kabla ya hapo, wakati dalili ni kichwa na macho tu.

Kwa hiyo sikulitupa jina, maana ndilo atakalolisikia kwa daktari na kuandikiwa kwenye kadi. Nililishusha chini. Juu zikaja dalili kama wanavyozisema wenyewe, kisha: "Hizi zinaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba. Si kile kifafa cha kuanguka. Huletwa na mimba, na huweza kumpata hata ambaye kwao hakipo."

Dalili nazo zina mitego yake. Tulikuwa tumeandika "kuvimba mikono na miguu." Kiswahili hakitenganishi: mkono ni kuanzia begani hadi vidoleni, na mguu vivyo hivyo. Miguu kuvimba kidogo jioni huwapata wajawazito wengi wasio na tatizo, kwa hiyo kila aliyesoma alijiona humo, na baada ya muda hakuna aliyejali. Mama mmoja ndiye aliyenipa sentensi bila kujua: "Hata pete yangu haiingii siku hizi." Bango sasa linasema: "Uso umevimba ukiamka, au pete imekubana ghafla."

"Kutoona vizuri" iligeuka "unaona ukungu au nyotanyota." Wengine walisema maluweluwe, nami nalipenda sana neno hilo, ila wasichana wawili walilichukua kuwa ni kuota ndoto mbaya, basi nikaliacha kwa huzuni.

Lililonisumbua zaidi ni maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo. Tuna neno zuri la zamani, chembe cha moyo, na wenye umri mkubwa walilielewa mara moja. Wadogo waliweka kidole pale pale wakasema "hapa kwenye vidonda vya tumbo," na dawa yake wanainunua duka la dawa. Mwingine alisema moyo unamuuma huku akishika tumbo. Hapo neno pekee halitoshi. Tulichora mwanamke mjamzito na doa jekundu chini ya kifua, likiegemea kulia, tukaandika pembeni: "Maumivu hapa si lazima yawe vidonda vya tumbo."

Tukirudi kwenye presha, sentensi yake ya kwanza ilikuwa "damu inasukuma mishipa kwa nguvu." Ikaanguka siku ile ile, kwani kwa watu wetu mshipa unaweza kuwa wa damu, wa fahamu, hata ngiri ya mwanamume. Iliyobaki ni hii: "Presha ya mimba: damu inasukuma kwa nguvu kupita kiasi. Huwezi kuijua kwa kuisikia, hujulikana kwa kupimwa. Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, usiondoke kabla hujaelezwa." Namba tuliziweka kwa sababu zinaandikwa kwenye kadi zao, na wengi huzisoma wakiwa njiani kurudi nyumbani.

Kuna maneno yao ambayo hayana mwenzake kwetu. Chango, kwa mfano, hubeba maumivu ya hedhi, ya tumbo la chini, hata kukosa mtoto. Usilazimishe ulinganifu hapo. Ukiandika kwamba chango ni ugonjwa fulani, utakuwa umedanganya nusu ya wasomaji. Sisi hatukulifasiri. Tuliandika tu: "Ukiwa mjamzito na tumbo la chini linauma, hata ukidhani ni chango, tuambie kabla ya kunywa dawa yoyote."

Kutoka 34 tukabakiwa na maneno tisa. Herufi za sentimita mbili zinasomeka kutoka benchini, mita tatu hivi, na kwa ukubwa huo zaidi ya tisa hayaingii.

Kabla ya kuchapisha, niliwasomea rasimu akina mama wanane, mmoja mmoja, kisha nikafunika karatasi na kuuliza: ukiona hivi, unafanya nini na lini? Dalili walizirudia vizuri. Lakini watano kati ya wanane walisema watakuja tarehe yao ya kliniki, mapema. Nikashangaa, mpaka nilipousoma tena mstari wetu wa mwisho, "Wahi kituoni." Kwao kuwahi kliniki ni kufika alfajiri ili upate namba ya mbele kwenye foleni. Tukaufuta, tukaandika: "Njoo leo hii hii, hata usiku, hata kama si tarehe yako." Nilipowauliza wengine wanane, saba walisema leo. Wa nane alisema leo pia, ila akaniuliza usiku huo nani atamfungulia geti, na ikabidi niende kwanza kuzungumza na mlinzi.