Insha ya kulipia na ya akili unde

"Kama kuna programu ya kukamata insha za akili unde, kwa nini isikamate na za kulipia?"

Kwa sababu insha ya kulipia, ile mwanafunzi anayomlipa mtu amwandikie, imeandikwa na mtu kweli, na ushahidi wake uko nje ya maandishi. Nimesahihisha kazi za chuo, na huwa naanza na sifa za faili la Word. Ukikuta jina la mwandishi si la mwanafunzi, na maneno 3,000 yana dakika 4 tu za kuhariri, una la kuuliza. Uliza tu, usihukumu: huenda aliazima kompyuta, au alinakili kutoka Google Docs. Likiungana na akaunti ya chuo ya mwanafunzi aliyeko Manchester kuingiwa kutoka Nairobi, risiti ya malipo, au yeye kushindwa kueleza hoja zake, hapo kesi inasimama.

Anayesema Turnitin, programu ya kulinganisha maandishi, itazikamata yuko sahihi nusu. Kulinganisha hunasa kilichonakiliwa, lakini insha ya kuagiza ni mpya.

Kwa akili unde hakuna mtu wa pili wala risiti. Programu inakadiria tu kutokana na mtindo wa maneno. OpenAI waliondoa ya kwao Julai 2023: kwenye majaribio yao ilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na ikasingizia asilimia 9 ya yaliyoandikwa na watu. Asilimia ya namna hiyo isimfukuzishe mtoto wa watu chuo. Mimi hukagua marejeo, maana kitabu kisichokuwepo kinathibitika, kisha naomba rasimu.