Kutoa jedwali moja tu kwenye ukurasa wa wavuti na kuliweka kwenye Google Sheets

Natunza hesabu za ofisi inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro, hapa Moshi. Wageni wengi wanalipa kwa dola, wapagazi na wapishi wanalipwa kwa shilingi, kwa hiyo kila asubuhi nahitaji bei ya kubadilisha fedha. Bei hiyo iko kwenye ukurasa wa benki wenye menyu, matangazo, viwango vya riba, simu za matawi na kila kitu kingine. Ukiburuta kipanya na kukopi, unabeba yote hayo, halafu dakika kumi zinaishia kufuta mistari. Ninachokihitaji ni jedwali moja. Google Sheets inaweza kulifuata lenyewe.

Fungua karatasi mpya, bandika anwani ya ukurasa kwenye seli A1, kisha kwenye A3 andika:

```
=IMPORTHTML(A1,"table",3)
```

Neno "table" linaiambia Sheets itafute majedwali, na 3 ni jedwali la tatu kuhesabu kutoka juu ya ukurasa. Hesabu inaanzia 1. Mara ya kwanza Sheets inaweza kuomba ruhusa ya kuchukua data ya nje. Bonyeza Allow access. Hakikisha seli zilizo chini na kulia kwa A3 ziko tupu, maana kukiwa na kitu chochote kwenye njia ya jedwali utapata #REF! na hakuna kitakachoshuka. Na kama Sheets yako imewekwa kwa nchi inayotumia mkato badala ya nukta kwenye desimali, tenganisha sehemu za fomula kwa nukta-mkato.

Namba ya jedwali ndiyo inayowachosha wengi, kwa sababu macho hayaoni majedwali yote. Kurasa za zamani hasa hutumia jedwali kupanga menyu au nembo, na hayo nayo yanahesabiwa. Badala ya kubahatisha 1, 2, 3, fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda Console, uandike hivi:

```
[...document.querySelectorAll('table')].forEach((t,i)=>console.log(i+1, t.innerText.slice(0,60)))
```

Itakuorodheshea kila jedwali, namba yake na maneno yake ya mwanzo. (Chrome ikikataa kubandika, fuata maelekezo yake: andika allow pasting kwanza.) Kwenye ukurasa wangu la kwanza lilikuwa menyu ya juu, la pili viwango vya riba, la tatu ndilo la fedha za kigeni, lenye kolamu tano: sarafu, kununua, kuuza, wastani na tarehe.

Sasa fika kwenye tarehe, na hapa nakuomba usikimbie. Sisi tunaandika siku kwanza, mwezi baadaye: 03/07/2025 ni tarehe tatu Julai. Karatasi nyingi za Sheets zimewekwa kwa Marekani, ambako mwezi unatangulia, kwa hiyo Sheets inaipokea kama tarehe saba Machi. Haikuonyeshi kosa lolote. Seli inaonekana vilevile, 03/07/2025, ila ndani yake ni Machi. Ukija kupanga kwa tarehe au kutafuta bei ya Julai, unapata kitu kingine kabisa, na malipo ya safari nzima yanaweza kupigwa kwa bei ya mwezi usiohusika.

Dalili yake iko kwenye upande ambao maandishi yameegemea. Tarehe ambazo siku yake haizidi 12 zinaegemea kulia, kama namba, kwa kuwa Sheets imezikubali kuwa tarehe. Kuanzia 13/07/2025 zinaegemea kushoto, kama maneno, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Ukiona kolamu moja imegawanyika hivyo, usiiamini hata zile zilizokaa vizuri kulia. Hizo ndizo zilizogeuzwa. Dawa ni kuongeza sehemu ya nne kwenye fomula, inayoiambia Sheets isome data kwa utaratibu wa Uingereza, ambao ni siku kwanza, na mkato wa elfu kama tunavyoandika sisi:

```
=IMPORTHTML(A1,"table",3,"en_GB")
```

Kisha pima kwa kuandika =MONTH(E4) pembeni, E4 ikiwa seli yenye tarehe ya kwanza. Ikijibu 7 kwa tarehe ya Julai, uko salama. Seli inaweza kuendelea kuonyesha mwezi mbele kwa sababu ya mpangilio wa faili lenyewe. Huo unabadilishwa kwenye File, Settings, Locale.

Kama huhitaji sarafu zote ishirini, funga fomula ndani ya QUERY:

```
=QUERY(IMPORTHTML(A1,"table",3,"en_GB"),"select Col1, Col2, Col5 where Col1 = 'USD'",1)
```

Nimechagua Col2, bei ya kununua, kwa kuwa sisi tunaiuzia benki dola, na hiyo ndiyo bei ambayo benki inazinunua. Anayelipa mzigo wa nje atataka bei ya kuuza. Rekebisha tarehe kabla ya QUERY, si baadaye, kwa sababu QUERY huchukulia kila kolamu kuwa ya aina moja: palipochanganyika tarehe na maneno, zilizo chache inaziacha tupu.

Kuna kurasa ambazo fomula hii haitaziweza. Anayeenda kuchukua ukurasa si kivinjari chako, ni kompyuta za Google, kwa hiyo ukurasa unaohitaji uingie kwa nenosiri hauonekani kwake. Vilevile kurasa zinazojaza jedwali kwa JavaScript baada ya kufunguka: wewe unaliona, Google inapata nafasi tupu na kukujibu Imported content is empty. Kujua kama ndivyo, bonyeza Ctrl+U uone chanzo cha ukurasa, kisha Ctrl+F utafute namba moja unayoiona ndani ya jedwali. Isipokuwepo, acha kuhangaika na fomula. Lichukue jedwali kutoka Console, mahali ambapo tayari limejaa:

```
copy([...document.querySelectorAll('table')[2].rows].map(r=>[...r.cells].map(c=>c.innerText.trim()).join('\t')).join('\n'))
```

Angalia kuwa humu hesabu inaanzia 0, hivyo jedwali la tatu ni [2]. Ukishabonyeza Enter, rudi Sheets, simama kwenye seli tupu, Ctrl+V, na kila kitu kinakaa kwenye seli yake. Kwa asiyetaka kuandika chochote, Firefox ina njia yake: shikilia Ctrl huku unaburuta kipanya juu ya seli za jedwali, zitachaguliwa seli hizo tu, hata kolamu moja peke yake.

La mwisho kwa wanaotunza kumbukumbu: IMPORTHTML inajisasisha yenyewe, takribani kila saa moja. Bei ya leo kesho haipo tena, na mwenye ukurasa akiongeza jedwali juu, la tatu linakuwa jingine kimyakimya. Kwa hiyo kila asubuhi mstari wa siku hiyo naukopi na kuubandika kwenye karatasi ya pili kwa Ctrl+Shift+V, ili ibaki thamani bila fomula. Kabla ya kubandika natazama seli ya kichwa. Isiposomeka jina la kolamu ya sarafu, natafuta namba ya jedwali upya.