"Nili-" au "ali-"? Kuchagua msimulizi wa hadithi fupi ya utoto wa kijijini

Waandishi wengi chipukizi wanaonipa miswada yao ya utoto wa kijijini wameandika kwa nafsi ya kwanza. Nikiwauliza kwa nini, hujibu kuwa mambo yale yaliwatokea wao. Mimi sioni kwamba hiyo inatosha kuwa sababu. Swali la kujiuliza kabla ya kuchagua ni hili: katika hadithi yako, nani anajua nini, na anakijua lini?

Mtoto huona mengi na kuelewa machache. Hadithi nyingi za utoto hupata nguvu yake hapo, katika nafasi iliyopo kati ya anachokiona mtoto na anachokielewa msomaji. Nafsi ya kwanza ina "mimi" wawili: yule wa miaka minane aliyekuwapo, na mtu mzima anayesimulia leo. Huyu wa pili anajua kila kitu, na ni vigumu sana kumnyamazisha.

Chukua hadithi niliyoiandika mwenyewe kwa nafsi zote mbili. Ni kijiji kimoja cha wilaya ya Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji yalikuwa yakitekwa mbali chini bondeni. Baba ana baiskeli inayobeba madumu ya maji. Dada mkubwa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, anatakiwa apeleke godoro, sanduku, ndoo na mashuka, na fedha za korosho hazijalipwa. Baba anauza baiskeli. Mdogo wake dada hajaambiwa chochote. Kwa nafsi ya kwanza, sehemu yenye uzito ilikuwa hivi:

"Asubuhi ile niliamka nikakuta baiskeli ya baba haipo. Mama aliniambia imepelekwa kwa fundi. Sikujua kwamba ilikuwa imeshauzwa, na kwamba godoro jipya la dada lililoegemezwa mlangoni lilinunuliwa kwa fedha zake."

Sentensi ya tatu inasema kweli, lakini imemaliza hadithi. Msomaji hana tena cha kugundua. Sasa nafsi ya tatu, msimulizi akiwa karibu na mtoto na asijue zaidi yake:

"Hamisi aliamka akakuta baiskeli haipo. Ukutani palibaki alama nyeusi ya mpira wa usukani. 'Baba kaipeleka kwa fundi,' mama alisema, bila kuinua uso kutoka kwenye ungo. Mlangoni palikuwa na godoro jipya, bado limo ndani ya nailoni. Hamisi alilibonyeza kwa kidole, likarudi. Akalibonyeza tena. Halafu akatoka mbio kwenda kwa fundi, kuangalia kama zile spoki mbili zimeshabadilishwa."

Hapa hakuna anayemwambia msomaji kwamba godoro ndilo lililoimeza baiskeli. Vitu viwili vimewekwa pamoja, mtoto amepita katikati yake, na msomaji anabaki na uchungu ambao Hamisi bado hana. Nilipohamia kwa Hamisi niliona pia kuwa nimepata ruhusa ya kubuni. Kwa "mimi" nilikuwa nikibanwa na yaliyotokea kweli, hata yale yasiyoisaidia hadithi. Safari ya kwa fundi haikuwahi kutokea, na ndiyo iliyoibeba hadithi nzima.

Kwa hiyo kipimo ninachokitumia ni rahisi. Pigia mstari kila sentensi ambayo mtoto wa umri ule asingeweza kuisema: "sikujua kwamba", "baadaye nilikuja kuelewa", "leo nikikumbuka". Kisha zifute zote, usome upya. Kama hadithi imesimama vizuri zaidi, mtu mzima alikuwa akiingilia tu, na nafsi ya tatu ya karibu itakufaa. Kama imeanguka, basi sentensi zile ndizo hadithi yenyewe. Kaa na "nili-".

Zipo hadithi za aina hiyo. Tuseme kisa hakiishii kwa fundi. Baiskeli imeuzwa, na mwaka mzima mama anapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Miaka mingi baadaye dada ana kazi mjini, mama anaumwa shingo, na mdogo mtu ndiye anayempeleka hospitali. Anayepaswa kusimulia hapa ni mtu mzima, kwa sababu hesabu ya nani alilipa nini ni yake, na mtoto asingeweza kuifanya. Ukimpa msimulizi wa nje kazi hiyo, hesabu inageuka kuwa taarifa. Ila "mimi" huyo awe na jambo linalomkera leo, lililomfanya aanze kusimulia.

Nafsi ya kwanza ina mtego mwingine, nao unawanasa hata walioichagua kwa haki. Utoto wa kijijini tunaukumbuka kwa wingi na kwa mazoea: tulikuwa tukienda kuokota korosho, tulikuwa tukicheza kombolela, jioni tulikuwa tukikaa kumsikiliza bibi. Kurasa mbili zinajaa "tulikuwa tuki-" na hakuna kilichotokea. Hadithi fupi haina nafasi hiyo. Aya moja ya mazoea inatosha kuonyesha maisha yalivyokuwa. Baada yake iwepo siku moja, na vitenzi vya siku moja: niliamka, nikatoka, nikamkuta. Ukiona ukurasa wa pili bado uko kwenye "tuki-", kata mpaka ufike kwenye "siku moja" yako, uanzie hapo.

Nafsi ya tatu nayo ina tabu yake, na katika Kiswahili tabu hiyo ni kubwa. Kiambishi "a-" ni cha kila mtu: baba, dada, Hamisi, jirani. Andika "alimwambia amemwona akiipeleka", na msomaji hajui nani kamwambia nani, wala nani kaonekana. Kwa "mimi" sentensi hiyo inakuwa "nilimwambia nimemwona akiipeleka", na angalau mmoja wao anajulikana. Kwa hiyo, ukichagua nafsi ya tatu, punguza watu katika kila tukio. Wawili wanaenda vizuri. Wakifika watatu, wape majina au vyeo vya ukoo, na uvirudie bila haya. Wacha pia vitu visaidie: "ikaanguka" msomaji anajua ni baiskeli, si mtu.

Halafu kuna "mama yake". Hadithi ya utoto imejaa ndugu, na "mama yake", "baba yake", "bibi yake" katika kila mstari humsukuma msomaji mbali na mtoto. Mimi huandika "mama" peke yake, kama nilivyofanya hapo juu, maana Hamisi hamwiti kwa jina lingine. Kwa njia hiyo msimulizi wa nje anatazama kwa jicho la mtoto bila kusema "mimi". Lakini ukishaanza hivyo, usiingie kichwani mwa mama hata kwa sentensi moja. Ukiandika "mama aliona aibu kumdanganya", umeondoka kwa Hamisi, na yule mtu mzima ajuaye yote amerudi kwa mlango wa nyuma.

Unapojaribu nafsi zote mbili, usianze na mwanzo wa hadithi. Chukua tukio zito kuliko yote, uliandike ukurasa mmoja kwa kila nafsi, na mara ya pili ulianze upya bila kutazama ule wa kwanza. Kubadilisha "ni-" kuwa "a-" hakutakuonyesha kitu, kwa sababu kinachobadilika hasa ni kile msimulizi anachokiona. Alama ya usukani ukutani haikuwepo katika toleo langu la "mimi". Ilijitokeza nilipolazimika kuutazama ule ukuta pamoja na Hamisi.