Injini inagonga juu: usikubali tapeti zikazwe kwa sikio

Swali: Fundi, gari langu la zamani lilikuwa na injini ya pushirodi. Likianza kugonga juu, fundi alifungua kava, akakaza tapeti, na kazi ikaisha mara moja. Hili la sasa lina kamshafti mbili juu ya hedi, nalo limeanza mlio wa taka-taka. Fundi mmoja anasema lazima azitoe kamshafti zenyewe. Mwingine anasema niweke oili nzito tu, mlio utakata. Kwani tofauti iko wapi?

Jibu: Oili nzito usiiweke, ndugu yangu. Itapunguza mlio kwa muda, lakini kila ukiwasha injini ya baridi itachelewa kupanda hadi kwenye kamshafti, na hapo ndipo chuma kinaposuguana na chuma kwa mgandamizo mkali sana. Nafasi iliyopanuka haitarudi kwa sababu ya oili. Ushauri huu nausikia karibu kila wiki, na kila mara anayekuja kulipia madhara yake ni mwenye gari.

Huo mlio unatoka wapi? Kila nundu ya kamshafti ina ncha inayosukuma valvu ifunguke, na ina mgongo wa mviringo. Mgongo ukigeukia upande wa valvu, springi inatakiwa iwe imeifunga valvu kabisa. Kamshafti huzunguka mara moja kila krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili, kwa hiyo injini ikiwa kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde. Chuma kikipata moto hurefuka, ndiyo maana kati ya mgongo ule na valvu huachwa upenyo mdogo, sehemu ndogo tu ya milimita. Upenyo ukizidi, vyuma hugongana kila nundu inapoanza kusukuma, nawe unasikia taka-taka.

Katika injini ya pushirodi kamshafti imelala chini ndani ya bloku, karibu na krankshafti. Nundu inainua tapeti, tapeti inainua pushirodi ndefu, pushirodi inasukuma upande mmoja wa roka, na upande wa pili wa roka unaikandamiza valvu. Vitu vyote hivyo vina uzito, na kadiri injini inavyozungushwa kwa kasi ndivyo springi inavyoshindwa kuvirudisha kwa wakati. Ndiyo sababu watengenezaji wengi walihamishia kamshafti juu ya hedi: nundu inasukuma tapeti ya umbo la kikombe iliyokaa moja kwa moja juu ya valvu, au inapitia roka fupi tu. Gharama yake ni kwamba kamshafti sasa iko mbali na krankshafti, kwa hiyo inahitaji cheni ndefu au mkanda wa taiming, ambao ukikatika kwenye injini nyingi pistoni hugonga valvu zilizobaki wazi. Pushirodi haina mkanda huo, na hedi yake ni fupi. Asikudanganye mtu kwamba ni injini mbovu kwa kuwa ni ya zamani. Baadhi ya V8 kubwa bado zinatengenezwa hivyo.

Kwenye gari lako la kwanza roka ilikuwa na skrubu na nati yake, na upenyo ulirekebishwa hapo. Kwenye vikombe skrubu haipo. Upenyo unarekebishwa kwa shimu, yaani kisahani cha chuma chenye unene maalumu. Injini nyingine shimu iko juu ya kikombe, na kwa kifaa cha kukandamizia kikombe inatoka bila kugusa kamshafti. Nyingine shimu iko chini ya kikombe, au kikombe chenyewe ndicho kinachouzwa kwa unene tofauti, na hapo hakuna njia ila kamshafti itoke. Kwa hiyo yule fundi anayetaka kuzitoa kamshafti anaweza kuwa anasema kweli kabisa. Ila kabla hajafungua chochote muulize kama tapeti za injini hiyo ni za haidroliki. Hizo hujirekebisha zenyewe kwa presha ya oili, hazina upenyo wa kupima, na zikigonga kinachoangaliwa kwanza ni kiasi cha oili, uchafu wake na presha yake.

Sasa jambo linaloniuma zaidi. Watu wengi, na mafundi wengi, wanaamini kwamba tapeti isiyosikika ni tapeti nzima. Si kweli, na kwenye injini yenye shimu mara nyingi mambo ni kinyume. Valvu ya ekzosi inavyokula kiti chake taratibu, inazama ndani ya hedi, mguu wake unapanda kuelekea kwenye nundu, na upenyo unapungua. Injini inazidi kutulia huku hatari inakua. Upenyo ukiisha, valvu haikai sawasawa kwenye kiti. Na kiti ndicho njia yake kuu ya kutolea joto, kwa hiyo gesi ya moto inapenya ukingoni na kuuchoma.

Tuchukue mfano wa injini kama yako, imepimwa ikiwa ya baridi. Kitabu chake kinataka 0.20 mm kwa valvu za kuingiza hewa na 0.30 mm kwa za ekzosi. Valvu moja ya kuingiza hewa kwenye silinda ya kwanza inasoma 0.33: hiyo ndiyo inayogonga. Lakini ekzosi ya silinda ya tatu, ambayo haina mlio wowote, inasoma 0.16. Ya kwanza inakera masikio tu kwa sasa. Ya pili iko njiani kuungua. Hesabu ya shimu ni hii: chukua unene wa shimu iliyomo, jumlisha upenyo uliopima, toa upenyo unaotakiwa. Kwa ile ekzosi, kama shimu iliyomo ni 2.70, utapata 2.56, ukiweka ya 2.55 upenyo utakuwa 0.31, na hapo uko sawa. Angalia kwamba tumeweka shimu nyembamba. Fundi anayefuata sikio asingeigusa valvu hiyo hata siku moja.

Na kwenye pushirodi ndipo sikio linapoua haraka zaidi, kwa sababu skrubu iko wazi na kuikaza ni rahisi. Injini inaunguruma, fundi anakaza hadi mlio ukate, anafunga kava, anasifiwa. Baada ya muda gari linatetemeka likiwa limesimama, hasa likishapata moto, na ukipima kompresheni silinda moja iko chini. Ukitia oili kidogo ndani ya silinda hiyo na kupima tena, kompresheni haipandi. Ingekuwa ringi za pistoni zimechoka, ingepanda. Isipopanda, kwa kawaida ni valvu au gasketi ya hedi. Kazi iliyohitaji spana na filagaji, vile vibamba vyembamba vya kupimia upenyo, imeshakuwa kazi ya kushusha hedi.

Wapo pia wanaosaga shimu kwenye jiwe la msasa ili kuokoa safari ya kutafuta ya saizi. Uso wa shimu umekazwa kwa moto na kunyooshwa. Ukishasagwa kwa mkono unapinda na kula nundu, na nundu iliyolika haifungui valvu kwa urefu wake wote. Hapo ndipo kamshafti yenyewe inakuwa ya kubadilisha.

Kwa hiyo mwambie fundi apime valvu zote, zinazogonga na zisizogonga, injini ikiwa ya baridi, na akuandikie upenyo wa kila moja kabla na baada ya kazi. Kama kamshafti zinatoka, alama za taiming ziwekwe kabla mkanda haujalegezwa, kisha akimaliza aizungushe krankshafti kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili kamili. Ikikwama popote asiilazimishe, wala asiguse swichi ya kuwashia.